Lukemia Iliyopona Yenyewe

Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ulaya na Marekani walikutana mara moja moja na mgonjwa aliyewachanganya. Kijana aliyekuwa mzima kabisa anapata homa, koo linamvimba, mitoki inamtokea shingoni. Damu yake ikiwekwa chini ya hadubini inaonekana kujaa seli nyeupe kubwa zenye sura ya kutisha, mfano wa zile za lukemia kali, saratani ya damu ambayo enzi hizo ilikuwa hukumu ya kifo. Ndugu wanaelezwa wajiandae. Wiki chache baadaye kijana yule yule anakaa kitandani, anaomba chakula, na baada ya muda anarudi kazini kwake. Baadhi ya wagonjwa hao waliingia kwenye majarida ya tiba kama watu waliopona lukemia bila dawa.

Mwaka 1920 Thomas Sprunt na Frank Evans, wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, waliwaeleza vijana sita wa namna hiyo na kusema wazi kwamba hawa hawakuwa na saratani tangu mwanzo. Walikuwa na maambukizi. Jina walilotumia, mononukleosi ya kuambukiza, lingali vitabuni hadi leo, ingawa watu wengi wanaujua ugonjwa huo kama homa ya tezi, jina lililotokana na maelezo ya daktari Mjerumani Emil Pfeiffer ya mwaka 1889. Pfeiffer alieleza dalili za mwilini. Waliotazama damu na kuielewa ni hawa waliokuja baadaye. Mwaka 1923 Hal Downey wa Chuo Kikuu cha Minnesota, pamoja na mwenzake McKinlay, alizilinganisha seli za homa ya tezi na za lukemia kali, akaonyesha zinavyotofautiana. Mpaka leo mafundi wa maabara wakongwe huziita seli za Downey.

Swali lililowasumbua watu hao bado linaingia maabara zetu kila wiki. Kwa nini ugonjwa wa virusi, unaopita wenyewe, utoe seli zinazofanana kiasi hicho na saratani?

Jibu linaanzia kwenye mate. Virusi vya Epstein-Barr, vinavyosababisha sehemu kubwa ya homa ya tezi, huambukizwa kwa mate, na vikifika kooni huingia ndani ya limfosaiti B, aina mojawapo ya seli nyeupe za kinga. Humo hujificha maisha yote. Wiki nne hadi sita hupita bila dalili yoyote, kisha mwili unashtuka, nao unaamsha kundi lingine la seli za kinga, limfosaiti T, zenye kazi ya kuua seli zilizoingiliwa na virusi. Limfosaiti T hizi huzaliana kwa kasi kubwa mno, kiasi kwamba homa, uvimbe wa mitoki na uchovu wa kupindukia vinatokana zaidi na vurugu ya mapambano kuliko na virusi vyenyewe.

Hapa ndipo watu wengi, hata baadhi ya wanafunzi wa utabibu, hukosea. Mtu akisikia kwamba damu ina seli zisizo za kawaida hudhani hizo ndizo zilizoharibiwa na virusi. Sivyo. Seli nyingi za ajabu zinazoonekana kwenye damu ya mgonjwa wa homa ya tezi ni limfosaiti T zilizo kazini. Zilizoambukizwa ni limfosaiti B, nazo kwenye damu inayozunguka ni chache.

Limfosaiti iliyotulia ni seli ndogo, kubwa kidogo tu kuliko seli nyekundu. Kiini chake ni cha mviringo, kimefungika, cheusi kwa rangi za maabara, na ute unaokizunguka ni ukanda mwembamba unaoonekana kwa shida. Ikipewa amri ya kuzaliana lazima ibadilike. Vinasaba vilivyokuwa vimekunjwa vinafunguliwa ili visomwe, hivyo kiini kinapanuka na kuwa cheupe zaidi. Ndani yake kinaweza kutokea kidoa kinachoitwa nukleoli, mahali zinapoundwa ribosomu, viwanda vya protini vya seli. Ute unaongezeka na kujaa RNA, na kwa kuwa RNA hushika rangi ya buluu ya Leishman au Giemsa, ute unakuwa wa buluu, wakati mwingine buluu nzito.

Seli ya lukemia kali nayo inazaliana. Kwa hiyo nayo ina kiini kilichofunguka, nukleoli, na ute wa buluu. Kufanana kwao si kwa bahati: hadubini inaonyesha dalili za seli inayokua na kugawanyika, na dalili hizo ni zile zile, iwe seli imeamriwa na mwili au imeasi.

Tofauti iko kwenye asili. Limfosaiti T ya homa ya tezi ni seli iliyokomaa, iliyokwisha kufuzu, ikaitwa kazini ikiwa mtu mzima. Tena haziitwi zote siku moja. Zinatoka koo kadhaa, na kila moja iko kwenye hatua yake: hii ndiyo kwanza imeamka, ile iko katikati, nyingine imemaliza na inarudi kupumzika. Seli za lukemia kali zimetokana na mama mmoja aliyekwama utotoni, asiyekomaa wala kufa, akaendelea kuzaa watoto waliokwama pale pale alipokwama yeye.

Ndiyo maana mtu anayesoma damu kwa uzoefu hatafuti seli moja mbaya kuliko zote. Anatazama umati. Homa ya tezi kwenye slaidi ni kama stendi ya mabasi asubuhi: wakubwa kwa wadogo, kila mtu na nguo yake. Seli moja ina kiini cha duara, ya pili kina umbo la figo, ya tatu kimepinda kama jani. Ute wa moja ni mwingi na mwepesi, wa nyingine ni wa buluu nzito wenye vitundu vidogo. Lukemia kali, kwa kawaida, ni sura moja inayojirudia uwanja baada ya uwanja.

Kuna alama moja ambayo mimi naiona nzuri kuliko zote, kwa sababu mtu akishaonyeshwa haisahau. Ute wa limfosaiti iliyoamshwa ni mwingi na laini, hauna ugumu wa kujisimamia. Ikikutana na seli nyekundu inajimwaga kuizunguka, inabonyea pale inapoguswa, na ukingo wake hujipinda kufuata umbo la jirani. Mara nyingi ukingo huo huo ndio wenye buluu iliyokolea, kama pindo la kanga, huku katikati kukiwa kweupe. Seli ya lukemia kali ya limfu, inayowapata zaidi watoto, ina ute kidogo sana. Kiini kinaijaza karibu yote, kromatini yake ni laini na imesambaa sawasawa, na seli inabaki na umbo lake hata ikibanwa na seli nyekundu. Katika lukemia ya upande mwingine, ile ya mayeloidi, wakati mwingine huonekana vijiti vyembamba vyekundu ndani ya ute, viitwavyo vijiti vya Auer. Hivyo vikionekana ubishi umekwisha. Limfosaiti ya virusi haina vijiti hivyo.

Alama hizi zote zinadai slaidi iliyotengenezwa vizuri, na hapo ndipo mambo mengi huharibikia. Damu ikikaa muda mrefu kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau kabla ya kupakwa, limfosaiti zenyewe hubadilika: kiini hukunjamana au kujigawa mapande, ute hupata mapovu, na seli nzima ya mtu asiye na tatizo huanza kuonekana ya kutiliwa shaka. Kipimo kilichochukuliwa jioni zahanati na kupakwa kesho yake mchana hospitali ya wilaya kinaweza kuzalisha hofu ambayo haikuwapo mwilini. Pia kuna suala la mahali pa kutazama. Kwenye sehemu nene ya slaidi seli nyeupe husinyaa, zikawa ndogo na nyeusi, alama zote zikapotea. Anayejua kazi yake huhamia sehemu nyembamba, pale seli nyekundu zinapogusana kidogo tu bila kupandana.

Historia ya virusi hivi, kwa namna ya pekee, inapita Afrika Mashariki. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwa ameeleza uvimbe wa saratani kwenye taya za watoto wa Uganda. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwepo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona virusi vipya ndani ya seli za uvimbe huo. Hakuna aliyekuwa akifikiria homa ya tezi. Uhusiano uligunduliwa Philadelphia, kwenye maabara ya Werner na Gertrude Henle. Mfanyakazi wao mmoja, ambaye damu yake ilikuwa haina kingamwili dhidi ya virusi hivyo, aliugua homa ya tezi, na alipopimwa tena kingamwili zilikuwepo. Walichapisha habari hiyo mwaka 1968. Hivyo virusi vilivyopatikana ndani ya saratani ya kweli ndivyo vilivyokuja kueleza zile saratani za uongo za Sprunt na Evans.

Kwa wasomaji wa huku kuna jambo la kuongeza. Watoto wengi wa Afrika Mashariki huambukizwa virusi vya Epstein-Barr wangali wadogo sana, na katika umri huo mara nyingi haviletei dalili, au huleta mafua ya siku mbili tatu yasiyokumbukwa na mtu. Homa ya tezi kamili humpata zaidi aliyechelewa kuambukizwa hadi ujana. Kwa hiyo seli hizi zikionekana kwenye damu ya mtu mzima hapa kwetu, haifai kukimbilia Epstein-Barr peke yake. Virusi vya saitomegalo huleta sura hiyo hiyo, hali kadhalika homa ya dengi, homa ya ini ya virusi, vimelea vya toksoplazima, na baadhi ya dawa kama fenitoini ya kifafa. Na VVU vya siku za mwanzo: homa, koo, mitoki, upele, na limfosaiti zilizoamshwa kwenye damu, yote kama homa ya tezi. Kipimo cha haraka cha VVU katika wiki hizo kinaweza kutoka hasi kwa sababu kingamwili hazijafika kiwango cha kuonekana, kwa hiyo hupimwa tena baadaye.

Tuchukue mifano miwili, ya kutungwa lakini ya aina inayoonekana, ili ionekane jinsi majibu yanavyosomwa.

Wa kwanza ni msichana wa miaka 18, mwanafunzi wa bweni. Ana homa kwa siku kumi, mafindofindo yamefunikwa na utando mweupe, mitoki imejaa pande zote mbili za shingo. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Alinunua amoksilini dukani, na siku chache baadaye mwili mzima ukatoka upele mwekundu, jambo linalotokea kwa wagonjwa wengi wa homa ya tezi wakipewa dawa hiyo, na ambalo peke yake halimaanishi kwamba ana mzio wa penisilini wa kudumu. Damu yake ina seli nyeupe 16,000 kwa kila mikrolita, wakati kawaida haizidi 11,000 hivi. Limfosaiti ni asilimia 70, na kati ya kila seli nyeupe mia, 25 ni zile za ajabu. Neutrofili, seli zinazopambana na bakteria, ni asilimia 22. Himoglobini 12.8. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, 150,000.

Wa pili ni mvulana wa miaka sita. Naye ana homa na mitoki, lakini mama yake anasema amekuwa mchovu kwa zaidi ya mwezi, analia miguu usiku, na ana michubuko ambayo hakumbuki ameipatia wapi. Seli nyeupe ni 16,000, sawasawa na za msichana. Mashine ndogo ya zahanati, ile inayogawa seli nyeupe mafungu matatu tu, inaandika limfosaiti asilimia 96. Himoglobini 6.8. Chembe sahani 21,000. Neutrofili asilimia nne.

Ukisoma mstari wa kwanza tu wa karatasi hizo mbili, watoto hawa wana ugonjwa mmoja. Ugeuze macho kwenye mistari mingine. Neutrofili za msichana, asilimia 22 ya 16,000, ni kama 3,500, kiwango cha kawaida kabisa. Asilimia yake imeshuka kwa sababu limfosaiti zimeongezeka, si kwa sababu neutrofili zimepungua. Za mvulana ni 640 tu. Himoglobini ya msichana inatosha, chembe sahani zimo karibu na mpaka wa chini wa kawaida. Za mvulana zimeanguka zote kwa pamoja. Uboho, mahali damu inapotengenezwa, unajazwa na seli za lukemia hadi nafasi ya kuzalisha seli nyingine inakwisha, na ndiyo maana upungufu wa damu, michubuko na maambukizi huja kwa mkupuo. Homa ya tezi kwa kawaida haiufanyii uboho hivyo.

Kwenye slaidi ya msichana kuna ule mchanganyiko: makubwa, ya kati, yaliyojikunja kuzunguka seli nyekundu, na hapa na pale seli moja kubwa ya buluu yenye nukleoli ambayo ingemtia mtu baridi kama ingekuwa peke yake. Seli ya aina hiyo ndiyo Downey aliyoiweka kwenye kundi lake la tatu, na ndiyo iliyowadanganya wengi. Kwenye slaidi ya mvulana, seli 85 kati ya mia ni zile zile: kiini kikubwa laini, ute kama uzi. Limfosaiti za kweli ni 11. Mashine ilizihesabu zote fungu moja kwa sababu ilipima ukubwa wao, haikuona nyuso zao. Mashine kubwa zaidi zina tahadhari yake, na kwenye baadhi utasoma `Blasts/Abn Lympho?` pembeni ya majibu. Alama ya kuuliza hapo si pambo. Ni ombi kwamba mtu mwenye macho aitazame slaidi.

Siyo kila siku mambo yanakuwa wazi hivi. Homa ya tezi inaweza kushusha chembe sahani kidogo, na mara chache huleta kingamwili zinazovunja seli nyekundu, mgonjwa akapungukiwa damu. Lukemia nayo inaweza kuanza na chembe sahani zinazokaribia kawaida. Isitoshe, fundi mzuri akioneshwa seli moja moja, bila jina wala umri wala slaidi nzima, atakosea baadhi. Palipo na saitometri ya mtiririko, kipimo kinachosoma alama za protini zilizo kwenye seli, shaka hupungua sana: seli za virusi hujitambulisha kama limfosaiti T zilizokomaa zenye alama ya CD8, ilhali seli za lukemia kali huwa na alama za utoto kama CD34 au TdT. Kipimo hicho kipo kwenye hospitali chache kubwa.

Pasipokuwa nacho, muda hufanya kazi hiyo kwa mgonjwa ambaye hali yake si mbaya. Seli za homa ya tezi hufika kilele kwenye wiki ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Picha ya damu ikirudiwa baada ya wiki moja au mbili, seli za ajabu zinakuwa zimeanza kuondoka na limfosaiti ndogo za kawaida zinarudi. Kipimo cha kingamwili cha homa ya tezi husaidia pia, ingawa wiki ya kwanza kinaweza kutoka hasi, na kwa watoto wadogo hakiaminiki sana. Msichana wetu ataambiwa apumzike, anywe maji, atumie dawa ya kushusha homa, na akae mbali na netiboli kwa wiki tatu nne hivi, kwa sababu bandama iliyovimba inaweza kupasuka ikigongwa.

Mvulana hasubiri. Himoglobini, neutrofili na chembe sahani zikianguka pamoja, au seli za sura moja zikitawala slaidi, hupelekwa siku hiyo hiyo panapoweza kuchukuliwa uboho. Kitu kimoja kinapaswa kuepukwa njiani. Mtoto mwenye mitoki na homa isiyoeleweka hupewa prednisoloni mara nyingi kuliko inavyostahili, na kweli mitoki hupungua, homa hushuka, kila mtu hufurahi. Prednisoloni ni sehemu ya tiba ya lukemia ya limfu ya watoto. Ikitolewa kabla ya utambuzi huua sehemu ya seli za saratani, uboho ukaja kuonekana nusu mzima, na wiki kadhaa zikapotea hadi seli zilizonusurika zirudi. Kwa hiyo ikiwa lukemia imetajwa hata kwa kushuku tu, uboho unachukuliwa kwanza, na prednisoloni inangoja majibu.